SOMO: Kuvumilia ndani ya mashine ya MRI kama unaogopa mahali padogo

Mimi ni radiografa hapa Kisumu. Kila wiki naulizwa: nitavumilia vipi ndani ya MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, nami naogopa mahali padogo? Basi nimeandika jibu, nawe mwenye kuuliza usome hapa kwanza.

1. Sema hofu yako siku ya kupanga miadi. Uliza upana wa tundu utakaloingia: mashine nyingi za zamani ni sentimita 60, nyingine mpya ni 70.

2. Toa chuma chote: sarafu, simu, pini, sidiria yenye waya. Mwenye kifaa cha kusukuma moyo aseme kabla ya kukaribia mlango.

3. Uliza utaingia vipi. Kwa goti, wengi hutanguliza miguu na kichwa hubaki nje.

4. Funika macho KABLA kitanda hakijasogea. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mama mmoja kutoka Siaya alikuja kupigwa picha ya kichwa. Tulimwekea ile fremu ya plastiki usoni, akaingia macho wazi, akaona paa li karibu na pua, akabonyeza mpira wa kengele wa kutuita. Tukamtoa. Mara ya pili tulimfunika macho kwa kitambaa akiwa bado nje, bintiye, aliyekwisha kukaguliwa chuma, akamshika mguu, nami nikamwambia urefu wa kila picha kabla haijaanza. Akamaliza. Ukifumbua macho ukiwa ndani, kuituliza hofu huwa kazi ngumu zaidi.

Onyo: usiheme kwa nguvu. Ukihema upesi unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Vidole vinachonyota, kichwa kinazunguka, nawe unadhani hewa imekwisha. Hewa ipo, tundu liko wazi pande zote mbili. Vuta pole pole ukihesabu hadi 4, toa hadi 6.

5. Ujaribu mpira wa kengele kabla ya kuingia.

MASWALI

— Nina diazepamu za mama nyumbani, nimeze mbili?
Hapana. Dawa ya kutuliza huandikwa na daktari wako, na siku hiyo uje na mtu wa kukurudisha. Usiendeshe gari.

— Si naweza kubaki na saa yangu?
Soma hatua ya 2.

— Dada, kwa nini mashine inagonga vile?
Swali zuri. Ndani kuna koili zinazopitishiwa umeme unaobadilika haraka katikati ya sumaku kali, nazo hutikisika. Kila aina ya picha ina mlio wake. Mlio ukikoma, picha hiyo imekwisha: meza mate, kohoa, ila usisogeze kichwa. Ukitikisika mlio ukiendelea, picha hupata ukungu na huenda tukairudia, nawe utakaa zaidi.

— Na lifti ikikwama? Niko Nakuru, ofisi ghorofa ya saba.
Bonyeza kengele, keti sakafuni, hema vile vile. Kibanda cha lifti kina nafasi za kupitisha hewa. Usilazimishe mlango wala usijaribu kuruka nje. Wengi huumia wakijitoa wenyewe.

— Wenye nywele za kusuka: nyuzi zinazometameta huwa na chuma. Waulize kabla ya kulipa msusi.
Kweli kabisa, asante. Na wigi zenye klipu pia, zivueni nyumbani.