Mshahara wa dada wa kazi: uuweke pamoja na kodi ya nyumba, na hesabu ya Desemba ianze Januari

Nyumba nyingi humlipa dada kwa kilichobaki. Kodi ya nyumba imelipwa, umeme umenunuliwa, watoto wamepelekwa shule, kisha ndipo anaulizwa kama anaweza kungoja wiki moja. Miezi ya hatari inajulikana: Februari, mwisho wa Mei na Septemba, muhula unapofunguliwa. Ukirudia hivyo mihula mitatu, Desemba anataka kwenda kwao na wewe unakosa usingizi, maana anakudai miezi mitatu kwa mpigo.

Hatua ya 1: Tafuta bei kamili, siyo mshahara peke yake.

Tuchukue nyumba moja ya Ntinda, Kampala, inayolipa shilingi 200,000 kwa mwezi, dada analala hapo hapo. Tangu sheria ya NSSF ya Uganda, mfuko wa akiba ya uzeeni, ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri yeyote anapaswa kuchangia, hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Mwajiri anatoa asilimia 10 juu ya mshahara, yaani 20,000. Asilimia 5, yaani 10,000, inatoka kwenye mshahara wa dada, kwa hiyo mkononi anapata 190,000. Ongeza kama 5,000 ya kutolea pesa kwa wakala, ikiwemo kodi ya serikali ya nusu asilimia kwenye kila kutoa. Usipoiongeza, umempunguzia mshahara bila kusema.

Chakula usikiandike hapa. Kimeshahesabiwa kwenye matumizi ya jikoni, na ukikiandika mara mbili utaona dada ni ghali kuliko alivyo.

Hatua ya 2: Gharama za mwaka zigawe kwa 12.

Hapa ndipo wengi hukwama. Sheria ya ajira inampa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Akiwa likizo mshahara wake unaendelea, na wewe unahitaji mtu wa kushika nafasi. Kwa 7,000 kwa siku, siku 21 ni 147,000. Nauli ya kwenda na kurudi kijijini tuweke 80,000, kwa kuwa mabasi hupandisha bei karibu na Krismasi. Matibabu madogo 61,000. Jumla ni 288,000, ambayo ni 24,000 kwa mwezi.

Sasa jumlisha: 200,000 + 20,000 + 5,000 + 24,000 = 249,000. Hiyo ndiyo bei ya dada. Kama bajeti yako inabeba 200,000 tu, mpango wa kuajiri utakwama, na ni afadhali uligundue hilo kabla hajabeba mkoba wake kuja.

Hatua ya 3: Itoe pesa siku inapoingia.

Mshahara wako ukiingia tarehe 28, lipa dada siku hiyo hiyo. Ile 24,000 iende kwenye akaunti ya sako au laini ya simu ambayo huitumii sokoni. Mchango wa NSSF usivuke tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kila malipo yaandikwe kwenye daftari: tarehe, kiasi, saini yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Bombo: Mimi nauza nguo, sina mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Jibu: Gawa 249,000 kwa siku 26 za kazi. Ni kama 9,600 kwa siku, itoke kwenye mauzo kabla ya kununua mzigo mpya. Siku ikiwa mbaya, andika deni na ulifidie wiki hiyo hiyo. Likivuka wiki, halilipiki.

Mwanachama wa Entebbe: Yeye mwenyewe kasema nimtunzie hadi Krismasi.

Jibu: Basi pesa hizo si zako tena, hata zikiwa kwenye droo yako. Kumtunzia 100,000 kila mwezi tangu Machi hadi Novemba ni 900,000. Zikiwa zimechanganyika na za nyumba, hakika zitakuwa zimeliwa. Mtumie kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, namba ya siri aijue yeye tu.

Mwanachama wa Jinja: Ameomba 60,000 mapema, mama yake mgonjwa. Nikate yote mwisho wa mwezi?

Jibu: Mpe, kisha kata 20,000 kwa miezi mitatu, muandikiane. Ukikata yote mara moja atabaki na 130,000, na mwezi utakaofuata ataomba tena. Tazama pia pesa hiyo inatoka wapi: isiguse ile 24,000, kwa sababu likizo yake haitasogea mbele kwa ajili ya mkopo.

Mwanachama wa Bombo: Na akiondoka Agosti, ile akiba?

Jibu: Kwanza mlipe siku za likizo alizokusanya na hakuzitumia. Kinachobaki kihamie kwa anayekuja, maana nauli ya kumleta na siku za kumfundisha nazo zitaomba pesa.