Barua ya pingamizi la kodi: gawanya kiasi kabla ya kulalamika

Ukiletewa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, usiandike tu kwamba "kodi ni kubwa mno". Hiyo ni lawama, siyo hoja. Anza na namba na tarehe ya notisi ya makadirio, aina ya kodi na kipindi husika, kisha utenge unachokubali na unachokipinga.

Chukua mfano huu. Ulitangaza mauzo ya milioni 36. Mkaguzi akajumlisha fedha zote zilizoingia benki, akapata milioni 48, na ile milioni 12 ya ziada akaiita mauzo yaliyofichwa. Ukipekua taarifa ya benki unakuta milioni 7 ni mkopo, milioni 3 umezihamisha kutoka akaunti yako nyingine, na milioni 2 kweli ni mauzo yaliyosahaulika. Basi kubali hizo 2 waziwazi, upinge 10. Kukubali kidogo hakukudhoofishi. Huonyesha kwamba umepiga hesabu.

Kila sababu iwe na kiambatisho chake: "Milioni 7 ni mkopo, tazama mkataba, Kiambatisho A." Kwa uhamisho, weka taarifa za akaunti zote mbili na upigie mstari tarehe na kiasi vinavyolingana. Ukiambatisha upande mmoja tu, fedha bado zitaonekana zimetoka kwa mteja.

Muda wa kupinga huwa umeandikwa kwenye notisi, na mara nyingi kodi isiyobishaniwa hutakiwa kulipwa kwanza. Bakiza nakala yenye mhuri wa mapokezi.