SOMO: Kutoka gharama ya nyongeza hadi mkunjo wa ugavi (muda mfupi)

Tuchukue kampuni iliyo kwenye ushindani kamili: bei P inaikuta sokoni, yenyewe inaamua kiasi q tu. Gharama zake ni hizi:

```
TC = q^3 - 6q^2 + 15q + 40
```

Hiyo 40 ni gharama ya kudumu. Iwe imezalisha au imefunga, inalipwa.

Hatua ya 1. Tafuta gharama ya nyongeza (MC) na wastani wa gharama badilifu (AVC).

```
MC  = 3q^2 - 12q + 15
AVC = q^2 - 6q + 15
```

Hatua ya 2. Weka P = MC, kisha tafuta q:

```
q = 2 ± sqrt((P - 3)/3)
```

Majibu ni mawili. Lile la alama ya kutoa liko pale MC inaposhuka, na hapo kila kizio kinachofuata ni nafuu kuliko kilichotangulia, kwa hiyo kusimama hapo ni kujipunja. Tunabaki na la kujumlisha.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi huteleza, maana huona P = MC wakaweka kalamu chini. Jaribu P = 3.75. Fomula inakupa q = 2.5. Mapato ni 9.375, gharama badilifu 15.625. Umeongeza hasara ya 6.25 juu ya ile 40, na ungefunga ungepoteza 40 tu.

Kwa hiyo tafuta AVC inapofika chini kabisa: q = 3, AVC = 6. MC nayo hapo ni 6. Isipolingana, rudia hesabu. Chini ya bei 6, ugavi ni sifuri. Kuanzia 6 kwenda juu, mkunjo wa ugavi ni MC yenyewe:

```
P < 6:  q = 0
P > 6:  q = 2 + sqrt((P - 3)/3)
```

P ikiwa 6 kamili, 0 na 3 zina hasara ileile ya 40.

MASWALI

*Mwalimu, bei ikiwa 15 wastani wa gharama zote ni 17. Si hasara hiyo?*
Ni hasara, ila ndogo. q = 4, mapato 60, gharama badilifu 28. Zinabaki 32 za kupunguza ile 40, hasara inakuwa 8. Ukifunga ni 40.

*Kati ya 0 na 3 nichore nini?*
Usichore kitu. Mstari unapanda kwenye mhimili wa bei hadi 6, kisha unaruka hadi q = 3. Kuunganisha kwa mstari wa mlalo ni kusema kampuni hii itauza 1 au 2 kwa bei hiyo, na haitauza.

*Na kama sehemu ya ile 40 inakoma nikifunga?*
Basi hiyo sehemu iingize kwenye ulinganisho. Tuseme 32 ni mshahara wa msimamizi ambao hulipi ukifunga. Sasa linganisha P na AVC + 32/q, ambayo hufika chini kabisa q ikiwa 4, kwa thamani 15. Fomula ya ugavi haibadiliki, ila kizingiti kimetoka 6 hadi 15.