Kinyunyizio kwenye kona: kupata tao, eneo na dakika za maji kwa kamba na waya

Kinyunyizio kinachosimama katikati ya uwanja hulowesha duara zima, na hesabu yake haimsumbui mtu. Kazi huanza kinapowekwa kwenye kona, ambako kinatakiwa kurusha maji ndani ya bustani tu bila kulowesha ukuta wala njia ya watu. Hapo kinalowesha kipande cha duara kilichokatwa kutoka kitovuni, kama kipande cha chapati. Kipande hicho huitwa sekta, na ukingo wake wa mviringo huitwa tao.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mama mmoja wa mtaa wa Utawala, Nairobi, ambaye kiwanja chake kimepinda kufuata barabara. Alikuwa amenunua kinyunyizio cha kuzunguka chenye pembe inayorekebishwa, akakitega kwenye robo duara, na nyasi za upande mmoja zikaendelea kukauka ingawa alimwagilia kila maji ya mgao yalipojaza tangi. "Fundi, kona si ni nyuzi 90 tu?" aliniuliza. Kona yake ilikuwa ya nyuzi 108.

Hesabu yote inategemea namba moja, nayo ni sehemu ya duara ambayo kinyunyizio kinafikia. Ukigawanya pembe ya kona kwa 360 unaipata sehemu hiyo. Ukiizidisha kwa mzingo wa duara zima unapata urefu wa tao, na ukiizidisha kwa eneo la duara zima unapata eneo la sekta. Wanafunzi wengi hukariri kanuni mbili kana kwamba hazihusiani, nami ninapendelea kutafuta sehemu kwanza, kuiandika pembeni, kisha kuitumia kila mahali.

Hatua ya 1: Pima mrusho wa maji

Nusukipenyo ya duara ni umbali kutoka nozeli hadi maji yanapoishia. Usiutoe kwenye karatasi ya dukani, kwa sababu umbali ulioandikwa pale ni wa presha fulani, na tangi lililoinuliwa juu ya paa la nyumba ya chini mara nyingi haliifikishi presha hiyo. Washa kinyunyizio asubuhi kabla upepo haujaanza, uache kizunguke mara kadhaa, kisha upime kutoka nozeli hadi ukingo wa udongo uliolowa. Kwa mama yule nilipata mita 5.

Upungufu mdogo hapa hukua unapofika kwenye eneo. Kama mrusho ungekuwa mita 4.5, tao lingepungua kwa asilimia 10, lakini eneo lingepungua kwa asilimia 19, kwa kuwa nusukipenyo hujizidisha yenyewe ndani ya kanuni ya eneo.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu ya duara

Hii ndiyo hatua inayokula muda wa watu, na ndiyo inayoharibu hatua zote zinazofuata ikikosewa. Protrakta ya shule ni ndogo mno kwa kazi ya bustani: juu yake nyuzi moja haifiki hata milimita moja, ilhali kwenye umbali wa mita 5 nyuzi hiyo hiyo ni karibu sentimita 9 za ardhi. Dira ya simu nayo siiamini kabisa karibu na ukuta, kwa sababu nondo za zege na geti la chuma huipotosha sindano yake. Kamba, kigingi na kipande cha waya hutoa jibu bora kuliko vyote viwili.

Njia yenyewe inatokana na maana ya tao. Ikiwa tao ni sehemu fulani ya mzingo, basi ukipima tao na kuligawanya kwa mzingo unaipata sehemu moja kwa moja, bila kuigusa pembe. Tena si lazima upime kwenye umbali wa mita 5, kwani sehemu haibadiliki hata ukichora tao dogo karibu na kitovu. Kwa hiyo chagua kamba ya urefu utakaokurahisishia kazi. Mimi hutumia kamba ya mita 1.59, kwa sababu duara lenye nusukipenyo hiyo lina mzingo wa mita 10 karibu kamili (2 × 3.1416 × 1.59 = 9.99). Hapo kila mita ya tao ni sehemu 0.1 ya duara, na kila sentimita ni nyuzi 0.36.

Simika kigingi pale pale kinyunyizio kitakaposimama. Kikiwa kimesogezwa ndani kwa sentimita 15 ili kisirushe maji ukutani, usiyaelekeze macho kwenye kona ya ukuta. Kutoka kwenye kigingi vuta mistari miwili iliyo sambamba na kuta, kila mmoja ukiwa umbali wa sentimita 15 kutoka ukuta wake mwanzo hadi mwisho. Pembe kati ya mistari hiyo ni sawa na pembe ya kona. Kisha funga msumari kwenye kamba na uhakikishe kwamba mita 1.59 zinahesabiwa kutoka katikati ya kigingi hadi ncha ya msumari baada ya mafundo yote kufungwa. Tumia kamba ya katani, kwa kuwa ya nailoni huvutika mkononi. Ikaze, uchore tao ardhini kutoka mstari mmoja hadi mwingine.

Sasa pima tao hilo, na hapa ndipo uangalifu unapohitajika zaidi. Mtu anapochukua utepe wa kupimia, mkono wake huuvuta kati ya ncha mbili za tao ukanyooka. Anachopima wakati huo ni njia ya mkato, ambayo sikuzote ni fupi kuliko tao. Kwa pembe ndogo tofauti haionekani: kwenye nyuzi 30 kosa halifiki hata nusu ya nyuzi. Lakini hukua haraka pembe inapopanuka. Kwenye kona ya mama yule tao lilikuwa mita 3.00, yaani sehemu 0.3 ya duara, au nyuzi 108. Njia ya mkato kati ya ncha zile zile ilikuwa takriban mita 2.57, ambayo ukiigawanya kwa 10 inatoa 0.257, yaani nyuzi zisizofika 93.

Hatari ya kosa hili ni kwamba linatoa jibu linaloaminika. Mwenye kupima anaona 0.257, anasema ni robo iliyopitiliza kidogo tu, anakitega kinyunyizio kwenye nyuzi 90 au 93, na kuondoka akiwa ametosheka. Kwenye nyuzi 93 zinabaki nyuzi 15 ambazo hazipati tone, na kwa mrusho wa mita 5 hizo ni mita mraba 3.3 za nyasi kavu.

Kwa hiyo laza waya wa umeme wa msingi mmoja, ule mgumu unaobaki jinsi ulivyokunjwa, juu ya mchoro wote bila kuuacha unyooke popote. Uweke alama kwenye ncha zote mbili, ndipo uunyooshe kando ya utepe na kusoma urefu. Tepu ya fundi cherehani ikisimamishwa kwa ukingo wake hufanya kazi vilevile, ila ni fupi, na utalazimika kuipima mara mbili.

Kabla ya kuendelea, thibitisha jibu lako kwa kipimo cha 3, 4, 5 ambacho mafundi wa ujenzi wanakijua. Weka alama mita 3 kutoka kigingini kwenye mstari mmoja na mita 4 kwenye mwingine, kisha upime umbali kati ya alama hizo. Ukiwa mita 5 kamili, kona ni nyuzi 90. Kwenye kona ile nilipata karibu mita 5.7, ambayo isingewezekana kabisa kwa nyuzi 93.

Hatua ya 3: Tao na eneo halisi

Mzingo wa duara zima lenye nusukipenyo ya mita 5 ni mita 31.42, na eneo lake ni mita mraba 78.54. Zidisha kila moja kwa 0.3.

Tao: 0.3 × 31.42 = mita 9.42
Eneo: 0.3 × 78.54 = mita mraba 23.56

Tao ndilo linalokuonyesha urefu wa ukingo wa maji, kwa hiyo miche ya ua ikipandwa juu yake kila baada ya sentimita 30 itahitajika 32. Ukitaka kuzungusha uzio mdogo pande zote za sekta, ongeza zile nusukipenyo mbili: 9.42 + 5 + 5 = mita 19.42. Ili kuhakikisha, nusu ya tao ikizidishwa kwa nusukipenyo lazima itoe eneo: 4.71 × 5 = 23.55.

Hatua ya 4: Dakika za maji

Lita moja juu ya mita mraba moja ni kina cha milimita 1. Kwa hiyo kuipa sekta hii milimita 10 kunahitaji lita 236, ilhali duara zima lingehitaji lita 785, ambazo ni zaidi ya robo tatu ya tangi la lita 1000.

Ili kujua kinyunyizio kinatoa lita ngapi, vika kipande cha mpira mpana juu ya nozeli, ukielekeze kwenye ndoo ya lita 20 na uangalie saa. Ndoo ilijaa kwa dakika 2 na nusu, yaani lita 8 kwa dakika. Lita 236 gawanya kwa 8 ni dakika 29 na nusu.

Tambua aina ya kinyunyizio chako kabla ya kuchukua wastani wa mtu mwingine. Kinachozunguka hutoa lita zile zile hata ukikipunguzia pembe, kwa hiyo kikigeuzwa kutoka duara zima kuwa sehemu 0.3, muda nao unapaswa kuwa sehemu 0.3 ya ule wa awali. Nozeli za kudumu zisizozunguka mara nyingi hutengenezwa ili ile ya robo itoe robo ya maji ya ile ya duara, na kwa hizo muda haubadiliki.

Udongo mweusi wa upande ule wa Nairobi huvimba unapolowa na kuziba nyufa zake, kisha maji husimama juu. Usiwashe dakika 30 mfululizo. Washa dakika 10, funga hadi maji yaliyosimama yapotee, urudie mara mbili zaidi.

Mwisho, panga makopo yenye pande zilizonyooka ndani ya sekta kabla ya kuwasha, machache karibu na kila ukuta na mengine katikati, kisha upime kina cha maji kwa rula. Makopo ya ukingoni kabisa kwa kawaida hupata kidogo kuliko ya ndani. Yote yakipungukiwa kwa kiasi kinachokaribiana, mtiririko umeshuka, basi pima ndoo upya. Yakikauka ya ukuta mmoja tu, pembe ndiyo haijatimia, basi ifungue kwa bisibisi hadi maji yafike kwenye mstari uliouvuta sambamba na ukuta huo.