SOMO: Kumwingiza aliyejifunga mtandio kwenye picha ya kikundi bila kumvunjia stara

Swali hili nimelijibu faraghani hadi nimechoka. Naliandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Picha ya kikundi ishapigwa, wawili watatu hawakuwepo, wameleta picha zao, na mmoja wao ni mama aliyejifunga mtandio. Unamwingizaje atoke kama alivyotaka kuonekana?

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Kikundi kimepigwa nje, kivulini. Yeye kapigwa ndani kwa flashi, kavaa buibui jeusi na mtandio mwembamba wa krimu. Natumia Photoshop. Wa GIMP nitawataja inapobidi.

1. Muulize yeye mwenyewe. Si mumewe, wala si katibu wa kikundi. Picha hii itumike? Asimame kando ya nani? Itawekwa wapi?

2. Omba picha inayofaa. Mtandio wote uwe ndani ya fremu, pamoja na ncha zinazoning'inia kifuani, na ukuta wa nyuma usiwe wa rangi ya mtandio. Krimu mbele ya ukuta mweupe ni kujitafutia kazi ya usiku kucha.

3. Mkate kwa maski, usitumie Eraser. Select Subject inatosha kuanzia, kisha Layer Mask.

4. Ukingo wa mtandio. Someni hapa taratibu, maana kazi nyingi ninazoletewa nizirekebishe zimeharibikia hapa.

Refine Edge Brush kazi yake ni kutafuta nywele. Ukiipitisha kwenye kitambaa chepesi, inafanya kilekile: inakiona kama nywele zinazopitisha mwanga, na kwenye maski inakipaka kijivu badala ya cheupe. Kijivu maana yake kitambaa kimekuwa nusu wazi. Kwenye picha aliyopigwa hutaona kitu, ila ukishamweka mbele ya mtu mwenye shati jeusi, weusi ule unapenya ndani ya mtandio na mtazamaji anaona nywele. Mama wa watu alijifunika vizuri, wewe umemfunua kwa brashi. Decontaminate Colors nayo iacheni. Inapaka ukingo rangi za jirani, na pale mtandio unapokuwa mwembamba kando ya shavu unaweza kuchukua rangi ya ngozi, ikaonekana kama sikio au shingo iko nje.

Ninavyofanya mimi: nauzungushia mtandio wote Pen Tool kwa mkono (GIMP ni Paths), naugeuza kuwa uteuzi, nalainisha ukingo kwa nusu pikseli hadi pikseli moja, basi. Refine Edge Brush nairuhusu kwenye matamvua tu. Halafu naweka leya ya Solid Color nyekundu kali chini yake na kusogeza karibu hadi 200%. Popote uwekundu unapochungulia ndani ya kitambaa, napaka maski nyeupe kwa brashi ngumu. Mwisho naibonyeza maski huku nimeshika Alt ili niione yenyewe (GIMP: Show Layer Mask). Ndani ya mtandio pawe peupe pepepe. Kijivu kibaki kwenye mstari wa ukingo peke yake.

Kitambaa kikiwa kinaonyesha kwelikweli, kitakuwa kimebeba rangi ya ukuta wa zamani. Bado maski iwe nyeupe. Rangi ile ifunike kwa leya mpya iliyobanwa juu yake (Clipping Mask): chota rangi mahali mtandio ulipokunjana, paka kwa Opacity 20% hadi 30%, kisha rudisha ufumaji kwa Clone Stamp. Shingo ikionekana chini ya mtandio kwa sababu ya flashi, dawa ni hiyohiyo, lakini mwonyeshe kabla hujaendelea.

Na ncha ya mtandio inayoshuka kifuani msiikate ili umbo "litoke vizuri". Aliiteremsha makusudi.

5. Mwanga. Wengi huona buibui limekuwa zito mno kuliko nguo za wenzake, wakapandisha Shadows. Hapo ndipo mikunjo ya nguo ya ndani na mistari ya mwili inapojitokeza kutoka kwenye weusi. Rekebisha uso na mikono kwa Curves yenye maski yake, buibui liache jeusi. Kisha fanya jaribio hili: weka Curves ya muda juu kabisa, ivute kwenda juu sana, utazame ni nini kingeonekana kwenye simu iliyowashwa mwanga wote. Kama kuna kitu, kipake kwa weusi wa buibui lenyewe, halafu futa leya ya jaribio.

Usigeuze picha kushoto kulia ili mwanga ulingane. Mtandio utahamia bega jingine na pini itahama, na wanaomjua watashangaa.

6. Mahali pa kusimama. Alipochagua yeye. Kama kuna mwanaume jirani, acha nafasi, mabega yasigusane. Angalia pia mikono ya waliokuwepo: mtu aliyemkumbatia mwenzake pichani, ukimpachika mama hapo katikati, mkono ule sasa umemshika yeye. Mkono huo ufunikwe na leya yake au yeye asogezwe.

7. Kutoa faili. Maski inaficha, haifuti. Ukimpa mtu PSD, anashika Shift na kubonyeza maski, na picha nzima ya nyumbani inarudi. Kwenye mfano wetu, nyuma ya mama alikuwepo binti yake amekaa kichwa wazi. Smart Object ni hivyohivyo, ukiibonyeza mara mbili picha ya asili inafunguka. Kikundi kipewe JPEG iliyobanwa leya zote, na PSD ikilazimika kutoka, kwanza Smart Object uigeuze leya ya kawaida, kisha tumia Apply Layer Mask.

Picha uliyoipunguza kwa kukata kingo nayo inaweza kubeba kijipicha cha zamani ndani ya faili, hasa kama programu iliyokata haikukiandika upya. Kitoe ukitazame kwa programu ya exiftool:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > kijipicha.jpg
```

Na kukifuta:

```
exiftool -ThumbnailImage= picha.jpg
```

Angalizo: amri hii ya pili inabakiza nakala ya zamani kwa jina `picha.jpg_original`. Ukituma folda nzima, umetuma na hicho ulichodhani umekifuta.

---

MASWALI

Kasimkono: Mkuu, mimi nina picha ya dada mmoja hana mtandio. Naweza kumvalisha wa mtu mwingine nikamaliza?

*Jibu:* Hapana. Omba picha nyingine.

Kasimkono: Lakini nikimfunika vizuri hakuna atakayejua.

*Jibu:* Atajua yeye. Na picha ya kichwa wazi itabaki chini ya leya kwenye mashine yako, wakati pengine aliipiga kwa ajili ya shoga yake tu. Nimeandika hatua ya kwanza kabisa: muulize. Ulimuuliza?

Kasimkono: Bado.

*Jibu:* Basi hatuna la kuzungumza hadi umuulize.

Wino Mweusi: Asante kwa somo. Nimefanya ile nyekundu ya chini nikaona matundu madogo madogo kwenye mtandio wa maua meupe. Nikapaka, lakini mengine yako mbali na ukingo, katikati kabisa. Yametoka wapi?

*Jibu:* Swali zuri, ndugu. Maua yale yana rangi karibu na ukuta wako wa nyuma, kwa hiyo Select Subject imeyachukua kama ukuta. Ndiyo maana mimi mtandio nauzungushia kwa mkono: mstari ukishafungwa, kila kilicho ndani kimechukuliwa, kiwe na maua au kisiwe nayo. Kwa sasa usihangaike na tundu mojamoja. Chora mstari wa Pen Tool ndani kidogo ya ukingo, ugeuze kuwa uteuzi, ujaze maski kwa nyeupe mara moja. Matundu yote yatazibika na ukingo wako hautaguswa.

Bi Ushungi: Mimi ni mmoja wa tunaopachikwa. Niliwekwa mtandio umeishia shingoni, na mimi hushusha mpaka kifuani. Fundi akasema picha niliyoleta ilikatwa hapo. Ingewezekana kurekebisha?

*Jibu:* Pole dada. Alipaswa kukuambia kabla, siyo baada. Kuongeza kitambaa kidogo kunawezekana, kwa kunakili mikunjo ya mtandio huohuo kutoka upande mwingine wa picha na kuipinda kwa Warp. Ila kushusha kutoka shingoni mpaka kifuani ni kubuni kitambaa, na mikunjo iliyobuniwa hailali kama ya kweli, macho yanaona haraka. Mwambie unampelekea picha nyingine iliyoanzia kiunoni, aanze upya. Ni haki yako kukataa ile isisambazwe.

Bi Ushungi: Nitamwambia. Nashukuru.

Fundi Haraka: Hatua saba zote hizi kwa mtu mmoja? Si ukate kichwa tu ukibandike kwenye mwili wa mwenzake aliyevaa buibui. Nyeusi ni nyeusi.

*Jibu:* Mwili ule una mwenyewe. Umemuuliza naye?

Fundi Haraka: Kwani nani atagundua?

*Jibu:* Mtandio wa krimu unaoingia kwenye buibui la mtu mwenye mabega mapana kuliko yake? Mumewe, mama yake na jirani zake wote. Tuendelee.

Lenzi ya Kale: Kwa mama mwenye niqabu kuna tofauti? Nyeusi juu ya nyeusi, hata sioni niqabu inaishia wapi na buibui linaanzia wapi.

*Jibu:* Kukata ni rahisi zaidi, huna kitambaa chepesi cha kupigana nacho, isipokuwa zile zenye kipande chembamba juu ya macho. Hicho usikichakate kabisa. Usikipandishie mwanga wala usikinoe kwa Sharpen, maana vyote viwili vinaleta macho mbele. Kuona mpaka, tumia Curves ya muda kama ya hatua ya tano, kata, kisha ifute. Na kwenye hatua ya kwanza ongeza swali: jina lake liandikwe chini ya picha au lisiandikwe? Wapo wanaokubali kuonekana hivyo na hawataki jina.

Lenzi ya Kale: Hilo la jina sikuliwaza. Na wanaume je? Tuna mzee wa kilemba, kila nikimkata kinatoka mviringo kama kofia.

*Jibu:* Umelainisha ukingo kupita kiasi, na Smooth imekula kona za mikunjo. Weka Smooth sifuri, Feather nusu pikseli, uzungushie kwa mkono. Na ukimpanga nyuma ya wengine, hesabu urefu wa kilemba chote kabla hujapunguza picha kwa juu. Naona vilemba vingi vimekatwa nusu kwa sababu mtu alipima kwa vichwa vya waliobaki.