Fungua kiambatisho ukiwa ndani ya barua pepe

Kabla ya kutuma, fungua faili kutoka kwenye barua pepe yenyewe, si kwenye folda. Mara nyingi kinachoambatishwa ni nakala: ukirekebisha bei baadaye kwenye kompyuta, iliyo kwenye barua hubaki ya zamani.

Tuseme unaandikia mteja wa Upper Hill: "Naambatisha kotesheni ya Juni na cheti cha KRA." Chini kuna faili moja tu, `Kotesheni_Mei (1).pdf`. Kwa hiyo soma barua polepole, na kila unapokuta faili uliyoahidi, itafute chini. Ukiifungua, linganisha mwezi, jina la mteja na jumla ya pesa. Usitegemee onyo la Gmail la kiambatisho kilichosahaulika. Likiona faili yoyote hunyamaza, hata kama siyo yenyewe.