Paundi, shilingi na peni: safu mbili, si moja

Unaponakili daftari la hesabu la Uingereza la kabla ya 1971, andika 3-7-6, yaani paundi 3, shilingi 7 na peni 6, kama ilivyo, kwenye safu uliyoipanga mapema kuwa `Text`. Usipofanya hivyo, Excel huigeuza kuwa tarehe na kumbukumbu ya asili hupotea.

Pembeni weka safu ya pili, ya thamani yote kwa peni pekee: paundi mara 240, shilingi mara 12, kisha ongeza peni. Hapa ni 720 + 84 + 6 = 810. Jumlisha kwa safu hiyo. Ukigawa kwa 240 unapata paundi 3.375, wala si 3.76.

Ukikuta shilingi 25, ingawa 20 tayari ni paundi moja, usiisahihishe. Makarani waliandika hivyo kwa kawaida, na fomula inaikubali. Peni 14 ndiyo ya kurudia kusoma ukurasani.